Maji Tatu

Njoro nzima ilijua kwamba Jepleting wa poshomili haulizi swali kuhusu unga. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ile, kitambaa kichwani kimegeuka cheupe kwa vumbi, na hakuna nafaka iliyowahi kumshinda. Mteja akileta gunia, Jepleting alichukua punje moja, akaitia jinoni, akauma. Ikilia, inasagwa. Isipolia, mwenyewe anarudi nayo nyumbani kuianika, awe mke wa pasta au mama wa chifu. Jino lenyewe lilikuwa la juu, upande wa kushoto, na wateja waliliheshimu kuliko mizani.

Sasa, jino ni kitu kizuri, sikatai. Lakini si kila kitu kilichoota ardhini kiliumbwa kijibu maswali ya jino. Hilo Jepleting alikuja kulijua katika wiki moja ya mwezi wa saba, na ilibaki kidogo tu alijulie mbele ya wakwe kumi na wawili.

Mambo yalianzia kwa binti yake Cheruto, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapo karibu. Cheruto alikuwa amempata Wanyonyi, kijana mpole kutoka Malakisi, fundi wa maabara ya vyakula katika chuo cha hapo hapo Njoro. Mwezi wa nne Jepleting na mumewe Kipyegon walisafiri hadi Malakisi kuwaona wazazi, na huko wakakaribishwa kwa mursik. Ndiyo, mursik, maziwa ya kibuyu ya kina Jepleting wenyewe. Mama Wanyonyi alikuwa amewaendea jirani zake Wasabaoti, akaomba kibuyu kilichopakwa masizi ya mti wenyewe, maziwa yakawekwa humo yakalala wiki tatu yakiwangoja wageni. Kipyegon alikunywa vikombe vitatu na kusema kwamba hajanywa mursik kama ile tangu mama yake afe. Jepleting alitabasamu, akashukuru, akarudi Njoro na kidonda moyoni. Mtu akikupikia chakula cha kwenu na kukushinda, amekufunga goli uwanjani kwako.

Basi akaapa. Siku watakayokuja Njoro kwa mazungumzo ya posa, wangekula ugali wa muhogo, chakula cha kwao, tena uliosagwa kwa mkono wake yeye. Mama Wanyonyi alisema kwenye simu kwamba angetuma unga tayari. Jepleting alikataa katakata. Kumtumia mwenye poshomili unga ni kuuza maji mtoni. Alete muhogo mbichi, mengine amwachie.

Mama Wanyonyi akamweleza kwamba anao wa aina mbili. Kuna mtamu, wa kuchemshia watoto, na kuna mchungu, wa ugali. Ule mchungu haushindwi na ukame shambani, nguruwe mwitu hawaugusi, wezi hawaugusi, na unga wake ndio unaosifiwa. Jepleting akachagua mchungu bila kupepesa. Wageni walikuwa waje Jumamosi ya wiki iliyofuata, na gunia likafika kwa basi wiki nzima kabla, limechimbwa jana yake tu, udongo bado umeshika mizizi. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyochanwa daftarini, mwandiko wa mtu asiyependa kupoteza wino. Ilisema hivi: Menya. Maji tatu. Jua tatu. Mungu akubariki.

Tuseme ukweli, hata wewe ungesoma unavyotaka. Jepleting alizaliwa Keringet, kwenye viazi. Keringet mtoto wa kike hufundishwa mapema kwamba kiazi kikishamenywa huoshwa kwa maji tatu: ya kwanza yanatoa tope, ya pili yanatoa weupe, ya tatu yanabaki safi mpaka unaona chini ya karai. Kwake yeye maneno yale yalikuwa wazi kama Baba Yetu. La jua ndilo lililomfikirisha kidogo, kwa maana Njoro mwezi wa saba jua huja likitaka na kuondoka bila kuaga. Lakini jirani yake Mwaura alikuwa na mtambo wa kukaushia mahindi, na mtambo ule ukiwashwa ulikuwa na jua zaidi ya tatu.

Angeweza kuuliza. Wanyonyi alikuwa hapo hapo chuoni, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya vyakula. Lakini kwa mila za kwao Wanyonyi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, wala hawapigi gumzo. Kijana akija alisalimu kutoka langoni huku akiutazama ua. Jepleting aliipenda adabu hiyo, na zaidi ya kuipenda aliiona ina faida, kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kukufundisha kupika. Cheruto naye alikuwa amezama katika kusahihisha mitihani ya moko, ile ya majaribio. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila Jepleting alikuwa ameona mara nyingi jinsi kuuliza kunavyofanana na ujinga ukikutazama kwa mbali.

Jumapili baada ya kanisa alimenya. Akaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaona chini ya karai. Akakata vipande vya unene wa dole gumba. Jumatatu asubuhi vipande vikaingia mtamboni kwa Mwaura, moto ukawashwa, na kabla ya saa tisa vilikuwa vimekauka kau. Jepleting akachukua kimoja, akauma. Kililia. Jioni hiyo hiyo alikuwa na debe la unga mweupe ambao haukuwahi kuonekana Njoro, na alipoulamba kidogo akaona uchungu umebaki. Hakushangaa. Si uliitwa mchungu?

Jumanne na Jumatano alitembea na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ya wiki kwa siku mbili. Alhamisi mchana akaamua kufanya majaribio, maana mpishi mwenye akili hajaribii mapishi kwa wakwe. Akamwita Mwaura, kwa haki, kwa kuwa mtambo ulikuwa wake. Mwaura alikuwa mjane, mlokole wa miaka ishirini, mtu mkubwa ambaye hakuwahi kukataa sahani. Ugali ulitoka laini, unavutika, unang'aa. Jepleting alikula matonge mawili akiwa amesimama, akishughulika na supu. Mwaura alikula sahani yake, akamaliza, akahamia sufuria na kukwangua ukoko.

Alisema ulikuwa na uchungu kidogo, lakini hata injili ina uchungu kidogo. Akashukuru, akaondoka.

Baada ya saa moja na nusu hivi, Mwaura alionekana akitoka kwenye boma lake ameshikilia uzio kwa mikono miwili. Kichwa kilikuwa kinampasuka, tumbo linageuka, na miguu haikutaka kumtii. Alitapika mara mbili karibu na kituo cha bodaboda, mbele ya vijana wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba walianza kumuuliza amekunywa ya wapi. Wawili kati yao ndio waliombeba hadi zahanati. Huko akalazwa kitandani, akatundikiwa maji, na muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi Busia akamuuliza amekula nini. Mwaura akasema muhogo. Muuguzi akataka kujua ulilala majini siku ngapi. Mwaura akasema haukulala, uliogeshwa.

Jepleting alifika mbio, yeye mwenyewe kichwa kikimgonga ingawa hakumwambia mtu. Alimkuta Mwaura mweupe midomoni, amefumba macho, na muuguzi akamweleza kwa ufupi kwamba huyu mzee atapona, lakini angeongeza sahani ya pili wangekuwa wanazungumza mengine. Hapo Jepleting aliogopa. Sitafuti namna nzuri ya kulisema. Aliwaona wakwe kumi na wawili wamelala kwenye nyasi zake, Mama Wanyonyi miongoni mwao, na Cheruto akiwa amesimama katikati na gauni lake jipya. Akakaa kwenye benchi la zahanati na kulia kimya kimya mpaka Mwaura akafumbua jicho moja, akamwambia kwa sauti ya chini asilie, bado hajafa, na akiamka wali ungemfaa.

Jioni Cheruto alitoka shuleni, akaambiwa, akaiomba ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama jikoni na kalamu nyekundu bado imechomekwa nywelani. Akaisoma tena.

"Mum, hii umeisoma aje?"

"Vile imeandikwa. Maji tatu. Niliosha tatu."

"Mum. Maji ni ngeli ya YA. Yangekuwa ya kuosha mara tatu, si ungeona maji matatu?"

"Nani huku husema matatu kama si gari?"

"Hakuna," Cheruto akakubali, akaketi. "Hapo ndipo shida iko. Hiyo tatu si ya maji. Ni ya siku. Maji siku tatu. Jua siku tatu. Mamake Wanyonyi aliona si lazima aandike siku, kwao hata mtoto anajua."

Jepleting akaitazama karatasi kama mtu anayetazama noti bandia aliyoipokea kwa mikono yake mwenyewe. Siku tatu ndani ya maji. Muhogo ungekuwa umevunda, alisema, na la kuvunda halina ubani. Cheruto akasema hajui, yeye ni mwalimu wa ngeli, lakini kuna mtu anayejua. Akatia unga kidogo kwenye chupa ya jamu na kuupeleka kwa Wanyonyi kabla maabara hazijafungwa.

Ijumaa asubuhi, saa mbili na nusu, Jepleting alikuwa peke yake kwenye poshomili, mashine imezimwa, aliposikia mtu akikohoa nyuma ya ukuta wa mabati. Kikohozi cha adabu. Akajua ni nani.

"Mama, hujambo," sauti ilisema. "Ni mimi Wanyonyi. Naomba ruhusa niseme nikiwa huku."

"Sijambo, mwanangu. Sema. Mabati hayajawahi kuzuia maneno."

Kulikuwa na tundu la msumari kwenye mabati, na kupitia hapo kikapenyezwa kikaratasi chembamba. Wanyonyi alieleza kwamba alikuwa ametia unga kidogo ndani ya kichupa pamoja na maji, akaning'iniza humo karatasi ya kupimia, akafunga kifuniko na kuiacha mpaka asubuhi. Karatasi hiyo huwa ya manjano. Unga ukiwa salama hubaki ya manjano. Jepleting akaigeuzageuza mkononi. Ilikuwa ya kahawia, rangi ya tofali.

"Hii ni nini imo ndani?" aliuliza.

"Sianidi, Mama."

Neno lile hata Jepleting alikuwa amelisikia, na si kwenye habari njema. Akavuta kiti. Akauliza iweje watu wa Malakisi wale sumu miaka yote na wazidi kuzaana. Wanyonyi akacheka kidogo upande wake, kisha akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayetembea kwenye shamba la mwenzake.

Alisema sumu ndani ya muhogo haikai wazi. Imefungwa pamoja na sukari, na ikiwa imefungwa hivyo haiendi popote. Ndani ya muhogo huo huo kuna kimeng'enya, kitu kidogo ambacho kazi yake ni kuifungua. Lakini muhogo ni mjanja, umevitenga hivi viwili. Kila kimoja kina chumba chake na kuta katikati.

"Ni kama mimi na wewe, Mama, kwa heshima," akasema.

Jepleting akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa hivyo wewe ndiwe sumu ama ni mimi?"

Upande wa pili kikasikika kikohozi kingine, cha kijana anayetafuta mlango. Jepleting akamhurumia, akamwambia aendelee.

Basi muhogo ukilala majini, Wanyonyi akasema, unachacha. Unalainika, kuta zinaanguka, na vile viwili vinakutana. Vikikutana sumu inafunguliwa, nyingine inaenda na maji, nyingine inapaa hewani. Ndiyo maana mtu hasogei karibu na karai kunusa. Kisha muhogo unapondwa na kuanikwa juani, polepole, na mabaki yanaendelea kutoka mpaka unga unabaki chakula. Kuosha juu juu ni kubisha hodi na kuondoka, kwani sumu iko ndani ya vipande, si kwenye ngozi.

"Na mtambo?" Jepleting aliuliza kwa sauti ndogo. "Si ulikauka? Ulilia kwa jino."

"Ulikauka haraka kabisa, Mama, na vipande ni vinene. Hiyo ndiyo imeharibu. Maji yaliisha na moto ukazima kile kimeng'enya kabla vile viwili havijakutana. Kwa hivyo sumu ilibaki imefungwa vile vile, kavu. Ukipika ugali haitoki. Ikifika tumboni ndiyo inafunguliwa. Huko ndiko ilifunguka kwa Mzee Mwaura."

"Sasa mtu anajua aje umeiva huko majini?"

"Kwa kidole. Mama yangu habonyezi saa, anabonyeza muhogo. Kidole kikiingia kama kwa parachichi, ameutoa. Malakisi ni siku tatu. Hapa na baridi hii, pengine nne, tano."

Jepleting alikaa na hilo. Miaka kumi na tisa alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kimekauka au hakijakauka, na leo alikuwa anaambiwa kwamba kukauka kunaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe. Haikumfurahisha. Ukweli ni kwamba alikasirika, akamkasirikia muhogo, akamkasirikia mwandishi wa karatasi na wino wake wa kubana, akamkasirikia hata kijana aliye nyuma ya mabati kwa kuwa na sauti ya upole hivyo. Kisha hasira ikaisha, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuuliza na muda ulikuwa unakwenda. Akauliza kama unga ule una dawa.

Wanyonyi alisema ipo njia moja. Unga ukichanganywa na maji mpaka uwe tope, ukatandazwa mwembamba, kina cha ukucha tu, ukaachwa juani kwa saa mbili, kimeng'enya kilichosalia kinaamka na kufanya kazi, na gesi inaondoka. Hupunguza sana. Ila kwa unga ulionyimwa maji na kuchomwa moto kama huu, haahidi. Watajaribu, atapima tena, na karatasi ndiyo itakayosema kesho asubuhi.

Wakaufanya. Jepleting alitandaza turubai uani, akauchanganya unga na kuutandaza kwa kiganja. Wanyonyi alibaki nje ya ua akitoa maelekezo kwa miti. Mwembamba zaidi, Mama. Bado, Mama. Jirani yeyote aliyepita aliona kijana aliyevaa koti jeupe akiubembeleza mkuyu. Jua likatoka kidogo, likajificha, mawingu ya Mau yakashuka na kukaa juu ya Njoro kama wageni wasiojua saa. Baridi ilipoingia Wanyonyi akakunja uso. Joto likipungua, alisema, gesi inakawia kuondoka. Alichukua sampuli, akaenda.

Kipyegon alirudi jioni hiyo kutoka Mau Narok, ambako alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, akaambiwa habari zote akivua gambuti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Mwaura amekula. Akaambiwa amekula wali sahani mbili. Akasema vizuri, akaingia kuoga.

Jumamosi asubuhi Cheruto alileta karatasi ya pili. Haikuwa ya kahawia tena. Lakini haikuwa ya manjano pia. Ilikuwa rangi ya chungwa lililoiva, na ujumbe wa Wanyonyi ulikuwa mfupi: imepungua sana, lakini mimi singempa mtoto.

Hapa ndipo ningependa kukwambia kwamba Jepleting alifanya lililo sawa papo hapo. Hakufanya. Alisimama jikoni mbele ya debe la unga ule, ukiwa umekauka tena, mweupe, mzuri kuliko wa dukani, na wageni walikuwa tayari njiani. Akafikiri juu ya mursik. Akafikiri kwamba tonge moja moja tu, kwa heshima, ukichanganywa na unga mwingi wa wimbi, nani angejua. Karatasi si ilikuwa imepoa rangi? Watu wazima wenye afya, tonge moja, nani angekufa?

Alikuwa amelisema la mwisho kwa sauti bila kujua. Kipyegon, aliyekuwa akipaka viatu rangi mlangoni, hakuinua kichwa.

"Mwaura," alisema tu.

Jepleting akabeba debe mpaka nyuma ya choo, palipochimbwa shimo la takataka, akamwaga unga wote, akaumwagia maji na kuufukia kwa jembe, ili hata kuku wasiufikie. Alifukia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanawa mikono, akasonga ugali wa mahindi, ule ule ambao kila nyumba ya Njoro husonga kila siku, na akaona ni kama amepewa sare ya shule avae harusini.

Walifika saa saba, kumi na wawili kamili, wakiongozwa na mjomba mmoja mrefu mwenye bakora. Wakaombewa, wakasalimiana, wakakaa chini ya hema. Wanyonyi aliketi mbali, amempa mama mkwe mgongo kama inavyostahili. Mwaura naye alikuwapo, shati limepigwa pasi, kwa sababu hakuna ugonjwa ambao ungemzuia kuhudhuria sherehe yenye nyama. Chakula kikaletwa. Sahani zikajaa mbuzi, mboga, ugali mweupe wa mahindi, na Mama Wanyonyi, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona mbali, akautazama ugali ule, kisha akamtazama Jepleting. Alikuwa ametuma gunia zima.

Kipyegon alipaswa kusema neno la karibu. Aliinuka, akakohoa, akasema, "Mke wangu ana neno," akaketi.

Jepleting akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kuzunguka, juu ya hali ya hewa na mashine kuharibika. Yakamtoka yote kichwani.

"Mama Wanyonyi, muhogo wako ulifika vizuri. Ulinielekeza, na mimi sikuuliza. Niliuosha badala ya kuulaza, nikaukausha kwa mashine siku moja. Ulikuwa na sumu. Nilimlisha jirani yangu huyu Alhamisi, akalazwa. Tulijaribu kuuokoa, haukuokoka, leo asubuhi nimeufukia. Huu mnaouona ni mahindi. Nilitaka kuwapa chakula cha kwenu. Nisameheni."

Akakaa. Mjomba wa bakora, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umekaribia ugali, aliurudisha polepole kwenye goti. Wengine wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila ubaya, kama watu waliokumbuka kwamba hawana njaa sana. Neno sumu likishatajwa mezani halirudi jikoni. Mwaura akaona afadhali asaidie, akasimama na kusema kwamba yeye ndiye aliyelazwa na sasa hajambo, mnaweza kumtazama. Wakamtazama. Haikusaidia. Cheruto aliinamisha kichwa, na Jepleting akaona chozi moja likidondoka kwenye gauni jipya. Akajua kwamba amelivunja jambo la mtoto wake kwa jino lake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe.

Mama Wanyonyi hakuwa amesogea. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya.

"Gunia zima umefukia?"

"Zima."

"Na ulikuwa umeshajua kwamba mimi nautazamia."

"Nilijua."

Yule mama akavuta birika la maji ya kunawa karibu naye, akanawa mikono yote miwili, bila haraka, mpaka kwenye vifundo. Akasema kwamba mwaka aliofika kwa mume wake, kulikuwa na njaa, na mama mmoja wa kijiji aliutoa muhogo majini siku ya pili kwa sababu watoto walikuwa wanalia. Walizikwa watoto wawili. Mama yule alikuwa ameonja, alijua haujawa tayari, lakini alikuwa na wageni nyumbani na aliona aibu kuwaambia hakuna chakula.

"Miaka yote hii nikifikiria ni nani atampikia mwanangu," alisema, "sikuwaza juu ya upishi. Nimewaza juu ya aibu. Kwamba asiende kwa watu ambao aibu yao ni kubwa kuliko mtoto wa mwenzao."

Akanyoosha mkono. Akamega tonge la ugali wa Jepleting, akalitia mboga, akalitia mdomoni bila kulinusa. Akatafuna, akameza, na wote wakimtazama akamega la pili, kubwa zaidi, na kumwambia mjomba wa bakora kwamba kama yeye hali, ampe sahani yake.